Namna ya Kuomba Dakika Kumi na Tano za Mtaalamu wa Migodi: Mwongozo kwa Wakazi wa Shinyanga na Geita

Wananchi wengi wa mikoa ya Shinyanga na Geita wanaishi jirani na migodi mikubwa, lakini hawamfahamu mtu yeyote anayefanya kazi ndani yake. Mwalimu, muuguzi, fundi umeme au mhasibu anayetaka kujua iwapo ujuzi wake unahitajika katika sekta ya madini hubaki akitegemea maneno ya vijiweni, au hutuma wasifu wake kila linapotoka tangazo bila kujua kwa nini haitwi. Njia iliyo wazi kwa kila mwananchi, na isiyo na gharama kubwa, ni kumwomba mtaalamu mwandamizi wa sekta hiyo mazungumzo mafupi ya simu kwa lengo la kujifunza.

Ombi la namna hiyo hukwama mara nyingi kwa sababu moja: anayelipokea hulichukulia kuwa ni ombi la kazi. Mkuu wa idara katika mgodi hupokea jumbe nyingi za watu wanaotaka "asaidiwe kijana". Anajua kuwa kampuni yake ina utaratibu wa ajira unaopitia idara ya rasilimali watu, na kwamba akionekana kumwahidi mtu nafasi anaweza kutuhumiwa kuuza ajira. Kwa hiyo hukaa kimya ili kujilinda. Anayeomba mazungumzo hana budi kwanza kumwondolea hofu hiyo, na makala haya yanaeleza hatua kwa hatua namna ya kufanya hivyo.

Kulijua eneo kabla ya kumtafuta mtu

Migodi ya ukanda huu haifanani, na swali linalomfaa mtaalamu wa mgodi mmoja linaweza lisimfae wa mgodi mwingine. Mgodi wa Geita unaendeshwa na kampuni ya Geita Gold Mining Limited, iliyo chini ya AngloGold Ashanti. Ulianza uzalishaji mwaka 2000 kwa machimbo ya wazi, na sasa una pia uchimbaji wa chini ya ardhi. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioko Kahama mkoani Shinyanga, ni wa chini ya ardhi. Uko chini ya Kampuni ya Twiga Minerals, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16 na Barrick asilimia 84. Mwadui, wilayani Kishapu, ni mgodi wa almasi, na utaratibu wake wa uchenjuaji ni tofauti kabisa na wa dhahabu.

Mgodi wa Buzwagi, ulioko pia Kahama, uko kwenye hatua ya ufungaji baada ya uchimbaji wake kufikia mwisho, na eneo lake limepangwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Mtu anayemwandikia mtaalamu leo akiuliza "mnachimbaje dhahabu Buzwagi" huonesha kuwa hakutenga hata nusu saa ya kusoma, na mara nyingi hajibiwi.

Ni vyema pia kutofautisha maswali ya mtaalamu binafsi na maswali ya ofisi ya umma. Anayetaka kujua masharti ya leseni ya uchimbaji mdogo, utaratibu wa kuuza dhahabu sokoni, au matakwa ya Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini, aende katika Ofisi ya Afisa Madini Mkazi iliyo karibu naye. Maelezo ya aina hiyo ni haki ya mwananchi na hutolewa na Tume ya Madini. Dakika za mtaalamu ziachwe kwa mambo yasiyoandikwa katika kanuni: siku yake ya kazi ilivyo, ujuzi gani hasa unatumika, na mtu anayetoka sekta nyingine hukosea wapi.

Kumpata mtu na namba yake kwa njia ya heshima

Njia nzuri kuliko zote ni kutambulishwa na mtu anayewafahamu ninyi wawili. Anaweza kuwa mkufunzi wa chuo ulichosoma, mwenzako wa darasa aliyeajiriwa mgodini, au kiongozi wa chama cha wachimbaji wa mkoa. Usimwombe mtu huyo namba. Mwombe akuombee ruhusa ya kupewa namba. Anayepokea ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, bila kuelezwa namba yake ilipatikanaje, huanza kwa shaka.

Njia ya pili ni Maonesho ya Teknolojia ya Madini yanayofanyika Geita kila mwaka, ambapo kampuni, wasambazaji na taasisi za Serikali huweka mabanda na wataalamu hukaa kujibu maswali ya wananchi. Hapo si mahali pa mazungumzo marefu, kwa kuwa watu wamepanga foleni. Panafaa kuuliza swali moja, kisha kuomba ruhusa ya kumpigia mtaalamu simu wiki inayofuata. Ukimwandikia baadaye, mkumbushe siku mliyoonana na swali ulilomwuliza.

Chagua mtu ambaye kazi yake inagusa moja kwa moja jambo unalotaka kujua. Meneja mkuu wa mgodi hana majibu ya kina kuhusu kazi ya maabara. Mkuu wa maabara anayo, na ana nafasi zaidi ya kukusikiliza.

Mfano: kutoka maabara ya mafuta kwenda maabara ya dhahabu

Tuchukue mfano wa fundi sanifu wa maabara katika kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba mkoani Shinyanga. Ana uzoefu wa miaka minne. Kila siku hupima unyevu wa mbegu, kiasi cha asidi katika mafuta na usahihi wa mizani, na huandika kumbukumbu za kila sampuli. Anasikia kuwa migodi ina maabara, lakini hajui kama kazi yake ya sasa ina thamani yoyote huko.

Swali lake la kwanza linaweza kuwa: "Naweza kupataje kazi mgodini?" Hilo ni swali baya, kwa kuwa ni pana na linamweka mtaalamu katika nafasi ile ile anayoikwepa. Swali zuri ni lile ambalo mkuu wa maabara anaweza kulijibu kutokana na kazi yake ya kila siku, bila kutoa siri na bila kuahidi chochote. Katika mfano wetu, ujumbe unaweza kuandikwa hivi:

"Shikamoo Meneja. Mimi ni (jina kamili), fundi sanifu wa maabara katika kiwanda cha mafuta ya pamba mkoani Shinyanga, mwenye uzoefu wa miaka minne. Namba yako nimepewa na mkufunzi wangu wa chuo baada ya wewe kumpa ruhusa. Ninajifunza namna maabara za dhahabu zinavyofanya kazi. Ninaomba dakika kumi na tano za simu ili nikuulize jambo moja: ni sehemu gani ya ujuzi wa maabara ya mafuta inayotumika katika maabara ya dhahabu, na ipi mtu hujifunza upya? Siombi kazi wala taarifa za ndani za kampuni. Nitapiga mimi, Jumanne au Alhamisi saa 2:00 usiku, au wakati wowote utakaonielekeza. Isipowezekana, nitaelewa. Ahsante."

Kila sentensi ya ujumbe huo ina kazi yake. Jina kamili na mahali pa kazi humwezesha mtaalamu kujua anazungumza na nani. Maelezo ya namba ilikopatikana huondoa shaka. Swali lililoandikwa kikamilifu humwezesha kupima kama ana jibu, na wengine hulijibu papo hapo kwa maandishi. Maneno "siombi kazi" huondoa hofu iliyotajwa mwanzoni, mradi yawe ya kweli. Ruhusa ya kukataa humpa mtaalamu nafasi ya kusema hapana bila kuvunja heshima, na mara nyingi ndiyo inayomfanya akubali.

Usiambatishe wasifu wala vyeti, kwa kuwa ukifanya hivyo umeyafuta maneno "siombi kazi". Usitume ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwa mtu asiyekufahamu. Usimwite mtu "Mhandisi" kwa kubahatisha, kwa sababu wahandisi nchini husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na si kila kiongozi wa mgodi ni mhandisi. Kama hujui cheo chake, "Meneja" au "Ndugu" pamoja na jina la ukoo vinatosha.

Saa ya kupiga ni sehemu ya ombi

Kazi nyingi za migodini hufanyika kwa zamu za saa kumi na mbili, na wafanyakazi wengi hukaa kambini kwa siku kadhaa mfululizo kabla ya kwenda mapumziko. Asubuhi kuna vikao vya usalama na vya kugawa kazi. Katika maeneo mengi ya uzalishaji matumizi ya simu yamezuiwa kwa sababu za usalama, na chini ya ardhi simu ya kawaida haipatikani. Anayepiga saa 4:00 asubuhi bila miadi atakosa jibu, kisha atadhani amedharauliwa.

Ndiyo maana ujumbe unapendekeza nyakati mbili za jioni na kuacha mlango wazi kwa wakati mwingine. Andika "asubuhi", "jioni" au "usiku" baada ya saa. Katika migodi yenye wataalamu kutoka nje ya nchi, saa 2:00 inaweza kueleweka kuwa saa 8:00 ya Kiswahili, na miadi ikaharibika kwa jambo dogo.

Gharama ni ya mwombaji. Nunua dakika za kutosha kabla, keti mahali penye mtandao mzuri na pasipo kelele, na usibipu. Kumbipu mtu uliyemwomba wakati wake ni kumtaka alipie fadhila anayokutendea.

Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki moja, kwa sentensi mbili. Inawezekana alikuwa katika mapumziko ya zamu. Kimya kikiendelea baada ya hapo, kichukulie kuwa ni jibu na umtafute mtu mwingine. Usimpigie kwa namba tofauti, wala usimwombe mkufunzi wako amshinikize.

Ndani ya dakika kumi na tano

Katika Usukuma salamu ni jambo la uzito, na mtu anaweza kuuliza habari za nyumbani, za mvua na za mifugo kabla ya kufika kwenye shauri. Katika simu hii salimia kikamilifu, lakini kwa dakika moja. Kisha sema: "Uliniruhusu dakika kumi na tano, nami nitazitunza." Jitambulishe kwa sentensi mbili tu, kwa kuwa mengine ameshayasoma.

Dakika kumi zinazofuata ni za maswali matatu, si zaidi. Fundi wetu anaweza kuanza na lile la ujumbe wake, na jibu analoweza kupata ni la aina hii. Uangalifu wa mizani, uandishi wa kumbukumbu na mazoea ya kurudia kipimo ni vitu anavyokwenda navyo. Maabara ya dhahabu nayo huchanganya katika kila kundi sampuli tupu, sampuli rudufu na sampuli rejea ambazo kiasi chake kinajulikana, ili kugundua makosa. Jambo jipya kwake ni maandalizi ya sampuli. Kilo kadhaa za mwamba hukaushwa, husagwa hadi kuwa unga laini na kugawanywa, na kiasi kinachoingia katika tanuri mara nyingi ni gramu 30 au 50 tu. Kwa kuwa dhahabu haikusambaa sawasawa ndani ya mwamba, kosa katika kugawanya sampuli haliwezi kusahihishwa na mizani bora mwishoni.

Swali la pili linaweza kuhusu hatari za kazi. Atasikia kwamba upimaji wa kuyeyusha sampuli hutumia kemikali yenye risasi na tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Sentigredi, na kwamba kinga dhidi ya vumbi na moshi wa risasi ni sehemu ya ujuzi wenyewe. Katika maabara ya mafuta ya pamba hakulazimika kujifunza hilo.

Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote: "Mtu mwenye historia kama yangu huanzia wapi kwa kawaida?" Jibu linaweza kuwa tofauti na alivyotarajia. Sampuli hazipimwi ndani ya migodi pekee. Zipo maabara binafsi, zikiwamo za jijini Mwanza, zinazohudumia migodi na kampuni za utafiti, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina maabara yake Dodoma. Mtu aliyekuwa akilitazama lango la mgodi kama mlango pekee anaweza kugundua kuwa mlango wake ni chumba cha maandalizi ya sampuli katika maabara ya nje ya mgodi. Taarifa hiyo moja inaweza kumwokolea mwaka mzima wa kutuma maombi yasiyo na majibu.

Ikifika dakika ya kumi na tatu, sema wewe mwenyewe kuwa muda unakwisha. Uliza iwapo kuna kitu cha kusoma au mtu mwingine ambaye angependekeza uzungumze naye, kisha shukuru na ukate. Akitaka kuendelea, atasema mwenyewe. Kesho yake tuma shukrani ukitaja jambo moja ulilojifunza. Baada ya mwezi mmoja au miwili, mweleze ulichokifanya kutokana na ushauri wake. Watu wengi hawarudi kutoa taarifa hiyo, na anayerudi hukumbukwa.

Mipaka ya mazungumzo

Yapo maswali ambayo hayaulizwi hata kwa nia njema. Usiulize kiasi cha dhahabu kinachozalishwa kwa siku, mahali inapohifadhiwa, siku inayosafirishwa, wala mpangilio wa walinzi. Mtaalamu atakata simu, na huenda akawajibika kutoa taarifa kwa idara ya ulinzi. Usimwombe akupigie picha ndani ya eneo la kazi.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kuuza bidhaa au huduma mgodini, upo mpaka mwingine. Zabuni ikiwa imetangazwa na bado haijafungwa, usimtafute faraghani mtumishi wa idara ya manunuzi. Maswali yote yapitie anwani iliyotajwa katika tangazo, vinginevyo unaweza kuondolewa kwenye ushindani. Mazungumzo ya kujifunza namna migodi inavyonunua yafanyike kabla ya zabuni, na ikiwezekana na mtu asiyehusika na uamuzi.

Usiahidi "chai" wala zawadi. Shukrani ya maneno inatosha, na zawadi humtia mtaalamu matatani.

Dalili za utapeli

Wapo watu wanaojifanya maofisa wa migodi ili kuwaibia wanaotafuta kazi. Dalili ni rahisi kuzitambua. Mtaalamu wa kweli hutafutwa na wewe, wakati tapeli huanza kukutafuta. Mtaalamu hujibu swali lako kuhusu kazi, na tapeli hulikwepa akaja na "nafasi iliyobaki moja". Kisha hudai fedha za fomu, za vipimo vya afya, za sare au za "kumwona mkubwa". Fedha zikitajwa, mazungumzo yamekwisha. Namba inayotuma jumbe za utapeli itolewe taarifa kwa kutuma kwenda 15040, huduma iliyowekwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Akitokea mtumishi halisi anayedai fedha ili akupatie nafasi, hiyo ni rushwa. Akidai mapenzi, hiyo ni rushwa ya ngono, ambayo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi jumbe zote bila kuzifuta na utoe taarifa TAKUKURU kwa simu namba 113, ambayo haitozwi gharama, au katika ofisi ya TAKUKURU ya wilaya yako.

Mwananchi aliye tayari kuanza aandike kwanza swali lake katika sentensi moja. Kisha ajiulize kama mtu anayemlenga anaweza kulijibu bila kufungua faili, bila kuomba ruhusa kwa mkubwa wake na bila kuahidi kitu. Jibu likiwa ndiyo, ujumbe uko tayari kutumwa. Likiwa hapana, swali hilo ni la ofisi ya umma au ni ombi la kazi, na kila moja lina mahali pake pa kupelekwa.